Uzi: Malori sita, mkataba unasema "huduma ya usafirishaji", mkaguzi anasema ndani yake mna ukodishaji. Nisaidieni kuusoma

MamaVitabu (Changamwe)
Jamani hamjambo. Nashika vitabu vya kampuni inayotengeneza mafuta ya kupikia na sabuni hapa Changamwe. Mwanzoni mwa mwaka tulisaini mkataba wa miaka 3 na msafirishaji mmoja. Jina lake ni mkataba wa huduma ya usafirishaji, na neno "kodi" halimo hata mara moja. Kila mwezi naiweka ankara kwenye gharama za usambazaji, basi. Sasa mkaguzi ameandika kwamba huenda mkataba huo umebeba ukodishaji wa malori ndani yake, na kwamba chini ya IFRS 16, kile kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa ukodishaji, yapaswa kuingia kwenye mizania.

Mambo yenyewe ni haya. Malori ni sita na nambari zake za usajili zimeorodheshwa kwenye kiambatisho cha pili. Yana bodi ya boksi na lifti ya nyuma ya kushushia mapipa, yamepakwa rangi zetu. Manne yanazunguka Mombasa, Kilifi na Kwale, mawili yanakwenda Nairobi. Dereva, utingo, matengenezo na bima ni vya msafirishaji. Tunalipa KSh 432,000 kwa kila lori kwa mwezi, litembee lisitembee, na juu yake pesa ya mafuta kwa kila kilomita.

Kifungu cha 7 kinasema msafirishaji "anaweza wakati wowote kubadilisha lori lolote kwa lingine lenye uwezo sawa". Bosi wangu ameshikilia hapo: akiweza kubadilisha, hatujakodi kitu. Mimi sina uhakika, na nataka kumjibu mkaguzi kwa hoja.

Baharia_Kilindini
Bosi wako yuko sawa, ila sababu yake siyo. Dereva ni wa nani? Wa msafirishaji. Nani anaamua lori lifanyiwe sevisi lini, tairi zibadilishwe lini? Yeye. Anayeendesha chombo ndiye anayekitawala. Mimi nimekaa kwenye meli miaka mingi, na mwenye mzigo hajawahi kuwa mwenye meli kwa sababu tu amelipia safari. Hiyo ni huduma, dada.

Odita_Mstaafu
Baharia, nusu ya hayo ni kweli, na mfano wa meli ni mzuri kwa sababu kiwango chenyewe kinautumia, mara mbili, na majibu ni mawili tofauti.

Katika mfano wa kwanza, mteja anapeleka mzigo kutoka Rotterdam hadi Sydney. Meli imetajwa, mzigo umetajwa, tarehe za kupakia na kushusha zimetajwa, mwenye meli anaendesha. Hapo hakuna ukodishaji. Mteja hana la kuamua tena baada ya kusaini, na hata kuendesha haendeshi. Katika mfano wa pili, mteja anachukua meli kwa miaka mitano, na kila siku yeye ndiye anayesema iende wapi, ibebe nini, iondoke lini, au isiondoke kabisa. Nahodha na mabaharia bado ni wa mwenye meli. Hapo ni ukodishaji.

Kwa hiyo kuendesha na kutengeneza peke yake si utawala. Swali ni nani anaamua, katika kipindi chote cha mkataba, chombo kitumike vipi na kwa kazi gani. Kuendesha kunapata uzito pale tu ambapo maamuzi hayo yote yamekwisha kufungwa kabla.

Mama Vitabu, usitazame mkataba tu. Nieleze kesho asubuhi lori namba moja litajuaje pa kwenda?

MamaVitabu (Changamwe)
Nimemwendea mtu wetu wa ratiba nikaomba simu yake. Kila jioni kama saa kumi na moja u nusu anamtumia msimamizi wa msafirishaji ujumbe. Huu ni wa jana, nimeondoa nambari za usajili:

"Lori 1 Mtwapa na Kilifi, katoni 640, lipakiwe saa 11 alfajiri. Lori 2 Ukunda, lishuke feri kabla ya saa 1. Lori 3 likae, tunangoja oda ya hoteli. Lori 4 zunguko la Kisauni kisha lirudi kuchukua mapipa ya Bamburi."

Msimamizi anajibu "sawa". Sijaona siku aliyokataa, isipokuwa mara moja dereva alikuwa amepita saa zake na siku nyingine lori lingezidi uzito wa mizani.

Odita_Mstaafu
Huo ujumbe una uzito kuliko kichwa cha mkataba. Wapi, nini, saa ngapi, hata "likae", vyote mmeamua ninyi. Hizo mara mbili alizokataa hazibadilishi kitu. Saa za dereva na kikomo cha uzito ni mipaka ya kulinda mali yake na watu wake na kufuata sheria, inachora uwanja tu. Ndani ya uwanja huo mnaocheza ni ninyi.

Hifadhi ujumbe wa miezi miwili mitatu kwenye faili la ukaguzi. Nimekaa upande wa pili wa meza, na nakuambia mkaguzi anayeona jambo likitendeka kila siku haulizi tena maswali kumi.

Sasa tuje kifungu cha 7. Usikiruke, kwa sababu haki ya kubadilisha ikiwa ya kweli, hakuna mali iliyotambulika na mjadala unaishia hapo. Lakini lazima ipite milango miwili. Msafirishaji awe na uwezo halisi wa kuleta lori lingine katika kipindi chote, tena awe anafaidika kwa kubadilisha, yaani pato la kubadilisha lizidi gharama yake. Kubadilisha kwa sababu lori limeharibika au liko gereji hakuhesabiki. Je, amewahi kubadilisha?

LoriYangu (Mariakani)
Naomba kuuliza nami. Lori langu nimelichukua kwa mkopo wa benki, logibuku ina jina langu na la benki pamoja. Nalipa miezi 48. Je, nami nimekodi? Maana mhasibu wangu hajaniambia lolote.

Odita_Mstaafu
Hapana, ndugu yangu, wewe umenunua kwa mkopo. Jina la benki kwenye logibuku ni dhamana. Lori ni mali yako na deni ni lako, vyote vimo vitabuni tangu siku ya kwanza. Swali la hapa ni la anayetumia lori la mtu mwingine.

Lakini usiondoke, wewe ndiwe shahidi tunayemhitaji. Umewahi kuweka lori kwenye mkataba wa kampuni moja kama huu?

LoriYangu (Mariakani)
Ninayo mawili sasa hivi, kwa kampuni nyingine, sitaitaja. Wao nao wameandika naweza kubadilisha wakati wowote. Kwa karatasi ndiyo. Lakini bodi nilitengeneza kwa vipimo vyao kwa pesa yangu, rangi nikapaka kwa pesa yangu, na kifaa cha setilaiti cha kufuatilia lori kimeunganishwa na mfumo wao. Nikilitoa lori lile nilipeleke kazi nyingine, kwanza nilipake rangi upya, kisha nitafute lingine nilitengeneze vile vile. Nitapata faida gani? Labda lipate ajali. Mimi sijabadilisha hata siku moja kwa hiari yangu.

MamaVitabu (Changamwe)
Umesema yale yale, kaka. Nimeuliza, tangu Januari limebadilishwa lori moja tu, giaboksi ilikufa. Wakaleta jeupe lisilo na rangi zetu. Askari wa geti walilizuia siku mbili mpaka meneja wa usambazaji aandike barua, kwa sababu utaratibu wetu hauruhusu lori lisilo kwenye orodha. Halina lifti ya nyuma pia, mapipa yalishushwa kwa mikono.

Odita_Mstaafu
Basi hiyo haki ni ya karatasini. Bodi maalumu, rangi, geti linalokataa lori geni, na msafirishaji asiye na senti ya kupata kwa kubadilisha. Na kama bado ungekuwa na shaka, kiwango kimeweka kwamba mteja asipoweza kujua kwa urahisi kama haki ile ni ya kweli, achukulie si ya kweli. Hiyo inamziba bosi.

Ingekuwa tofauti kama malori yangekuwa ya kawaida, msafirishaji ana dipo Miritini lenye malori themanini yanayofanana, na kila asubuhi analeta lolote lililo karibu kwa sababu linamkata gharama. Hapo mnanunua uwezo wa kusafirisha, hamkodi lori fulani, hata kama siku moja mtu aliandika nambari za usajili kwenye kiambatisho.

Tathmini yenyewe inafanywa mwanzo wa mkataba, na hairudiwi mpaka masharti yabadilike. Kwa hiyo andika hoja yako kwa hali ilivyokuwa Januari. Bodi na rangi zilikuwapo tayari siku ile, na utaratibu wa geti pia. Giaboksi ni ushahidi wa baadaye unaoonyesha ulivyosoma sawa.

Kisauni_Mwanafunzi
Naomba nieleweshwe jambo moja. Kazini kwetu ni ghala la chai Shimanzi, tuna foklifti mbili za kampuni nyingine. Tunalipa kwa kila paleti inayobebwa, hakuna kiasi cha chini. Foklifti haziondoki ghalani kwetu na tunaziendesha wenyewe. Kwa maelezo haya ni ukodishaji, sivyo? Lakini deni lake nitalipataje kama malipo hayajulikani?

Odita_Mstaafu
Umeuliza vizuri, kijana. Ndiyo, ukodishaji upo, lakini deni lake linakuwa sifuri. Malipo yanayofuata matumizi hayaingii kwenye deni, yanakwenda gharama mwezi unapotumia, na unayaonyesha kwenye maelezo ya hesabu. Kwa hiyo kuwapo kwa ukodishaji na kuwapo kwa deni ni mambo mawili.

Tahadhari: soma kama mna kiasi cha chini kilichojificha, mfano "mteja atalipia paleti zisizopungua 3,000 kwa mwezi". Hicho ni malipo ya kudumu yaliyovaa nguo ya malipo ya matumizi, na kinaingia kwenye deni.

Mtwapa_Daftari
Kabla hamjaenda mbali, Mama Vitabu mnatumia IFRS kamili au ile ya kampuni ndogo na za kati? Niliwahi kufanya kazi yote hii ya kupiga hesabu, wiki tatu, kisha ikagundulika kampuni inatumia ile ya pili, ambayo bado inagawanya ukodishaji kwa mtindo wa zamani na ule wa kawaida unabaki gharama tu. Ile kazi ilitupwa.

MamaVitabu (Changamwe)
Ni IFRS kamili, benki yetu ilidai. Na hapo ndipo moyo unaponidunda. Benki ina sharti la uwiano wa deni na mtaji. Deni jipya likiingia sijui tutasimama wapi. Ningependa kuona ukubwa wake kwanza.

Wazo la bosi sasa ni kuvunja mkataba na kuandika wa miezi 11, urudiwe kila mwaka.

Odita_Mstaafu
La miezi 11 usimkubalie haraka. Ukodishaji wa miezi 12 au pungufu unaruhusiwa kubaki gharama, lakini muda unaohesabiwa ni pamoja na kurefusha ambako mna hakika ya kutosha mtakutumia. Malori yaliyopakwa rangi zenu na kutengenezwa kwa mapipa yenu, mkiwa na haki ya kurefusha, hakuna mkaguzi atakayeamini mtaachana nayo baada ya miezi 11. Na ikiwa kweli hakuna haki ya kurefusha, msafirishaji atawapandishia bei, kwa sababu yeye ana mkopo wa miezi 48 kama ndugu yetu wa Mariakani.

Tupige hesabu ya manne ya mjini kwanza. Mawili ya Nairobi nina swali nayo.

Katika KSh 432,000 mnalipia lori, pia dereva na utingo, pia matengenezo. Lori ni ukodishaji, hayo mengine ni huduma na yanatolewa. Bima si huduma mnayopewa, ni gharama ya mwenye lori, kwa hiyo haitengwi peke yake, inasambaa humo humo. Tafuta bei ya sokoni ya kila sehemu. Una nukuu zozote?

MamaVitabu (Changamwe)
Nilipiga simu. Lori la aina ile bila dereva na bila sevisi: 320,000 kwa mwezi. Dereva na utingo kupitia wakala: 100,000. Mkataba wa sevisi na tairi: 60,000.

Odita_Mstaafu
Jumla 480,000, na ninyi mnalipa 432,000, yaani asilimia 90. Mpe kila sehemu punguzo hilo hilo. Lori linapata 288,000. Malori manne ni 1,152,000 kwa mwezi. Riba ni ile ambayo benki ingewatoza kukopa kiasi kama hicho, kwa miaka 3, kwa dhamana ya mali kama hiyo. Tuseme 15% kwa mfano, wewe uliza benki yako. Malipo yakiwa mwisho wa mwezi, kwenye Excel andika:

```
=PV(15%/12,36,-1152000)
```

Inatoka takriban KSh milioni 33.2. Hilo ndilo deni, na mali ya haki ya kutumia inaanza kwa kiasi hicho hicho kama hakuna gharama nyingine za mwanzo.

Kuna ruhusa ya kutotenganisha, uchukue 432,000 yote kama ukodishaji kwa aina nzima ya mali. Wengi huichagua kwa kukwepa kazi ya kutafuta nukuu. Kwenu deni lingekuwa karibu milioni 49.8. Kwa mtu mwenye sharti la benki, simu tatu ulizopiga zimeokoa zaidi ya milioni 16 za deni kwenye mizania.

MamaVitabu (Changamwe)
Nimeingiza, 33.2 imetoka. Mwaka wa kwanza uchakavu ni kama milioni 11.08 na riba 4.35, jumla 15.43. Zamani ningeandika gharama ya 13.8 kwa sehemu hiyo ya lori. Kwa hiyo faida inashuka kama milioni 1.6 mwaka huu?

Odita_Mstaafu
Naam, na mwaka wa tatu inarudi, kwa kuwa riba inapungua kadiri deni linavyolipwa. Pesa inayotoka benki haikubadilika hata shilingi. Waandikieni benki kabla ya Desemba, muwape hesabu mbili, na deni hili na bila. Baadhi ya mikataba ya mkopo hupima uwiano kwa sheria za uhasibu zilizokuwapo siku ya kusaini, soma chako.

Sasa yale mawili ya Nairobi. Yakirudi yanarudi na nini?

MamaVitabu (Changamwe)
Hapo ndipo kuna kifungu cha 9. Msafirishaji anaruhusiwa kubeba mizigo ya wateja wengine wakati wa kurudi, bila kutuomba ruhusa, maadamu lori liwe Changamwe ndani ya saa 48 baada ya kushusha. Pato hilo ni lake lote.

Baharia_Kilindini
Kwa hayo mawili basi nasimama palepale, ni huduma. Lori haliwezi kuwa lenu huku linambebea mtu mwingine simenti.

Odita_Mstaafu
Na mimi naegemea hapo. Ili kutawala matumizi lazima mpate karibu faida yote inayotokana na kutumia lori katika kipindi hicho. Nusu ya barabara anaivuna mwenyewe, tena bila kuwauliza. Mngekuwa na haki ya kumkataza, hata kama hamuitumii, ningesema vingine.

Mtwapa_Daftari
Mimi sikubali, mzee. Faida inapimwa ndani ya mipaka ya haki mliyopewa. Haki yao ni lori likiwa kwenye kazi yao. Kipindi cha matumizi si lazima kiwe mfululizo, kiwango kinasema hivyo. Ondoa siku za kurudi, zilizobaki wanapata faida yote. Ukisoma hivyo ni ukodishaji wa vipindi vilivyokatikakatika.

Odita_Mstaafu
Vipindi vilivyokatika naviafiki pale ambapo vimejulikana, kama mtu anayekodi uwanja kila msimu wa mavuno. Hapa hakuna anayejua kurudi kutachukua saa 10 au 48, na anayeamua hilo ni msafirishaji. Wakati lori linangoja mzigo wa kurudi, ninyi hamliwezi. Tena kiwango hakikuweka asilimia kwa "karibu yote", kwa hiyo hata hesabu ya pato la kurudi haitamaliza ubishi.

Mtwapa_Daftari
Haitamaliza, lakini itasaidia. Kama mizigo ya kurudi ni safari moja kwa mwezi, utasema nini?

LoriYangu (Mariakani)
Mzigo wa kurudi Mombasa ni mgumu kupata, na bei yake ni ndogo kuliko ya kupanda. Miezi mingine mimi narudi mtupu nusu ya safari. Lakini mwenye lori hawezi kuacha haki ile, ndiyo inayomlipia tairi.

Odita_Mstaafu
Tazama haki, si mavuno. Lakini nakubali Mtwapa ana hoja ambayo mkaguzi mwingine angeweza kuishikilia.

MamaVitabu (Changamwe)
Nimewasoma nyote. Manne naingiza kwa 33.2, nikibadilisha riba benki ikinijibu. Kwa mawili naandika pande zote mbili kwenye waraka wa mkaguzi na kuambatisha kifungu cha 9. Nimemwomba msafirishaji risiti za mizigo ya kurudi tangu Januari. Amesema atatoa idadi ya safari, bei hatoi.